Jibu: Ubeti wa utenzi kwenye picha, kwa Kiarabu

"Nina picha ya karatasi ya utenzi wa huku Tanga, Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Kipande kimoja kinasema 'Mwezi umetweka tanga'. Nitakifasirije kwa Kiarabu bila kukiua?"

Ndugu yangu, usidanganywe na herufi: msomaji Mwarabu ataziona ni zake, lakini hatapata maana, hivyo tafsiri iwekwe chini ya picha, na hati yenyewe isiguswe. Kipande chako kina mizani 8. Kiarabu hakihesabu silabi tu, bali hupima ndefu na fupi. Hata hivyo bahari ya Kiarabu iitwayo rajazi, ikifupishwa, yaani kipimo cha mustaf'ilun mara mbili, ina silabi 8 vilevile. Ningeandika: "wal-badru a'laa ashri'ah", ambapo mwezi bado unapandisha tanga kama jahazi. Ukiandika tu kwamba mwezi umechomoza, tanga limepotea. Gharama zipo: tanga moja limekuwa mengi, na badru ni mwezi mpevu, kwa hiyo kama beti nyingine zinataja mwezi mwandamo, mstari huu haufai. Kwa vina usihangaike sana, kwani musamati, aina ya shairi la Kiarabu, nayo hukubali vipande vitatu vya kina kimoja, na cha nne kubeba kina kinachorudi katika kila ubeti.