Milioni 60 za mwaka wa tano ni ngapi leo?

*"Wakuu, mjomba anataka kununua ploti yangu hapa Arua. Anasema anipe milioni 30 cash sasa hivi, ama nisubiri miaka 5 anipe milioni 60 zote kwa mpigo. Mke wangu anasema tusubiri, ni mara mbili. Mi sina uhakika. Nani anajua hesabu ya hii kitu?"*

Hii kitu ilinipata mimi mwenyewe. Machi 2017 niliuza mashine yangu ya kusaga kwa binamu, alikuwa na milioni 12 mkononi lakini akasema nikimvumilia miaka 4 atanipa 20. Nikaona 20 ni nyingi kuliko 12, nikasaini agrimenti mbele ya mwenyekiti wa LC1, nikaenda zangu nimefurahi. Sikupiga hesabu yoyote zaidi ya kutoa 12 kwenye 20.

Sasa ndugu, kosa langu ni kwamba zile 12 nilizilinganisha na 20 kama vile zote ziko mezani siku moja. Ile 12 ya 2017 ingeweza kufanya kazi miaka yote minne, ile 20 ilikuwa bado haijazaliwa. Ndo maana pesa ya mbele lazima uirudishe nyuma mpaka leo kwanza, alafu ndo ulinganishe.

Kuirudisha ni hivi. Tuseme wewe pesa yako ukiiweka mahali inakuzalia asilimia 15 kwa mwaka. Maana yake shilingi 100 ya leo ni 115 mwakani. Basi ukigeuza, 115 ya mwakani ni sawa na 100 ya leo, si zaidi. Kukuza ni kuzidisha kwa 1.15, kurudisha ni kugawa kwa 1.15, na unagawa mara moja kwa kila mwaka unaosubiri. Chukua simu uandike 60 ugawe kwa 1.15 unapata 52.17, hiyo ndo thamani yake mwaka mmoja kabla ya kulipwa. Gawa tena 45.37, tena 39.45, tena 34.31, tena 29.83. Umefika leo. Milioni 60 za mjomba, kwa asilimia 15, leo ni milioni 29.83. Yaani hata hiyo 30 aliyonayo mkononi imeishinda kidogo.

Kama huamini ipeleke mbele, weka 29.83 mahali panapotoa asilimia 15, faida yote uirudishe ndani kila mwaka, mwaka wa tano utakuta 60. Hakuna mtu amekuibia hapo katikati, hizo milioni 30 zinazoonekana kupotea ni zile ambazo pesa yako ingezaa wakati mjomba amekaa nayo.

Mwenye Excel kwenye simu aandike hii, itamletea 29,830,604:

```
=PV(0.15,5,0,-60000000)
```

Ile sifuri ni kwa sababu hakuna malipo ya kila mwaka hapo kati, na alama ya kutoa ni mtindo wake tu, ukiisahau jibu linakuja hasi.

Kuna kosa nimeona watu wengi wanafanya, hata mwalimu mmoja jirani yangu alinibishia: wanakata asilimia 15 kila mwaka, yaani wanazidisha kwa 0.85. Ukifanya hivyo mara tano unapata 26.6, umejipunja zaidi ya milioni 3. Kupunguza 15 kwenye 115 si kurudi kwenye 100, unaishia 97.75. Gawa, usikate. Na wengine wanajumlisha 15 mara 5 wanasema ni 75, wanagawa kwa 1.75 wanapata 34.3, hao wamesahau kwamba faida nayo inazaa faida.

Sasa ugomvi wote uko kwenye hiyo 15, nimeitoa wapi? Hapo ndo watu wanapigwa. Ukitumia 12 jibu ni milioni 34.05, subiri mjomba. Ukitumia 16 ni 28.57, chukua cash. Ploti ni ileile na mjomba ni yuleyule, asilimia 4 tu imegeuza uamuzi. Mpaka wenyewe uko kwenye 14.87, kwa sababu ukikuza 30 kwa kiwango hicho miaka mitano inakuwa 60 kamili. Kwa hiyo swali lako si "60 au 30", swali ni je wewe milioni 30 ukishika unaweza kuizalisha zaidi ya hiyo 14.87 kwa mwaka, mfululizo miaka mitano, kikweli na si kwa maneno ya kijiweni.

Mimi naanzia kwa serikali, maana huyo ndo mdaiwa salama tulionaye kwa shilingi. Benki Kuu ya Uganda inauza bili za hazina za siku 91, 182 na 364, na hizo ndo somo zuri la hii mada kwa sababu hazitoi riba kabisa, unanunua kwa bei ya chini unalipwa kamili mwishoni. Niliwahi kulipa 8,800,000 kwa bili ya siku 364 ya milioni 10. Ile 8.8 ndo thamani ya leo ya milioni 10 ya mwakani, imeandikwa kwenye karatasi. Faida ni 1,200,000, ukigawa kwa 8.8 ni asilimia 13.6. Lakini ngoja, kodi inakatwa palepale asilimia 20 ya faida, laki mbili na 40 zikaenda, nikabaki na 960,000, ambayo ni asilimia 10.9 tu. Hiyo 10.9 ndo ya kutumia kwenye hesabu, si 13.6, maana pesa ya kodi hujawahi kuishika. Sawa na hatifungani ya miaka 5 ukiambiwa 15, baada ya kodi imebaki 12, na tena hiyo inalipa riba kila miezi sita, 12 yako inatimia tu kama kila riba unairudisha kazini badala ya kuila.

Sasa ukitumia 12 ya serikali, mjomba anaonekana mzuri, 34 kwa 30. Mke wako hajakosea sana basi! Ila mjomba si serikali bana.

Nirudi kwa binamu yangu. Machi 2021 ikafika, simu haishikwi. Ikaja lokidauni ya pili Juni, akasema hakuna mtu anasaga, nami nilijua ni kweli, shule zimefungwa na yeye wateja wake wakubwa walikuwa shule. Akanilipa Mei 2022. Milioni 20, kamili, sikudhulumiwa hata shilingi moja. Watu wakaniambia una bahati. Nikakaa na kalamu: kwa asilimia 14, ile 20 ingekuja kwa wakati thamani yake 2017 ilikuwa 11.84, karibu sawa na ile 12 niliyoikataa, kwa hiyo hata mkataba wenyewe haukuwa na faida kwangu. Kwa kuchelewa miezi 14 ikashuka mpaka 10.16. Milioni 1.7 ilienda kimya kimya na hakuna mahali kwenye agrimenti imeandikwa, kwa sababu tuliandika kiasi na tarehe lakini hatukuandika ikichelewa inaongezeka ngapi.

Kwa hiyo hatari ya mtu kutolipa lazima uiingize. Mimi napenda kuipunguza kwenye pesa yenyewe kuliko kwenye asilimia, naona inaeleweka zaidi. Jiulize ukweli, mjomba wa namna hii, kati ya watu 10 kama yeye wangapi watalipa kamili? Ukisema 9, basi usihesabu 60, hesabu 54, igawe kwa 1.12 mara tano, unapata 30.6. Karibu droo. Ukisema 8, ni 48, inakuwa 27.2, chukua cash. Wengine badala ya hivyo wanapandisha kiwango, wanatoka 12 wanaenda 17 au 18, ni sawa pia, ila usifanye vyote viwili, utakuwa umemwadhibu mzee mara mbili kwa kosa moja ambalo hata hajalifanya.

Na mfumuko wa bei vilevile, kuna mtu atakuja hapa chini aseme "ukishapata jibu toa tena mfumuko". Hapana. Ile asilimia 12 ya hatifungani tayari ina mfumuko ndani yake, hakuna mtu angeikopesha serikali shilingi kwa 12 kama hategemei bei kupanda. Ukitoa tena umehesabu kitu kimoja mara mbili.

Jambo la mwisho na hili hukulisema: una deni? Kama uko na mkopo wa sako wa asilimia 2 kwa mwezi unaokokotwa juu ya salio, hiyo si 24 kwa mwaka, ni 26.8, kwa sababu deni usilolilipa linazaa kila mwezi. Kwa mtu wa namna hiyo milioni 60 za mjomba leo ni milioni 18.3 tu, maana cash ya leo ingezima deni linalomla kila mwezi. Huyo asifikirie hata dakika mbili.

Kama huna deni na mjomba unamwamini kiasi, rudi kwake na bei yako. Kwa asilimia 18, ambayo mimi ningeitaka kwa mtu binafsi asiye na dhamana, 30 ya leo miaka mitano mbele ni 68.6. Mwambie "mjomba, 60 hapana, 69 sawa, na kila mwezi ukichelewa unaongeza asilimia moja na nusu ya salio". Iandikwe, mwenyekiti asaini, na karatasi za ploti zibaki kwako mpaka shilingi ya mwisho. Akikataa hiyo ya kuchelewa, basi kuna kitu anakijua ambacho wewe hukijui, pokea 30 zako.