Utafiti wa soko wa shilingi 150,000: nilivyopima mahitaji ya mtindi Moshi

Mara ya kwanza nilisimama sokoni Mbuyuni siku ya Jumamosi asubuhi na karatasi mkononi, nikawauliza wapita njia 60: "Je, ungependa kununua mtindi safi, uliotengenezwa hapahapa, kwa bei nafuu?" Watu 54 walisema ndiyo. Nikanunua friji ya pili na kuanza kufunga paketi 80 kwa siku. Mwezi mzima sikuvuka paketi 25 kwa siku, na uliobaki tuligawia majirani mpaka wakauchoka.

Wale watu hawakunidanganya. Niliwauliza kama wangependa kitu safi na cha bei nafuu, na nani asiyependa? Isitoshe, kwetu mtu akisimamishwa na mgeni mwenye adabu anayeeleza biashara yake, kumwambia hapana ni kama kumvunja moyo. Swali la "ungependa" linapima ukarimu wa anayejibu. Halikuambii fedha yake inakwenda wapi.

Mara ya pili nilitenga shilingi 150,000. Vijana wawili wa kuhoji walilipwa 10,000 kila mmoja kwa siku, siku nne, jumla 80,000. Nauli ilichukua 32,000, kuchapa madodoso 12,000, na 26,000 iliyobaki niliiweka kwa ajili ya kurudi kwenye nyumba ambazo hatukumkuta mtu. Fedha hiyo ya kurudi usiikate. Anayekosekana nyumbani mchana ni mwenye kazi, na mwenye kazi ndiye mwenye uwezo wa kununua. Ukimruka na kuingia nyumba inayofuata, utamaliza haraka lakini utakuwa umehoji wanaoshinda nyumbani tu.

Maswali niliyapunguza yakawa manane, na yote yakauliza jambo lililokwisha kutendeka. La msingi lilikuwa hili: "Mara ya mwisho mtindi kuingia hapa mnapoishi ilikuwa siku gani, na ulitoka wapi?" Kabla ya kuanza tulilijaribu kwa watu wanane, na hapo ndipo Kiswahili chetu kilipotuonyesha mitego yake.

Mwanzoni tuliandika "nyumbani". Mama mmoja akatujibu vizuri kabisa kuhusu ng'ombe wawili na mtindi wa kila siku, kumbe anazungumzia kwao Kibosho, anakopanda mwisho wa mwezi. Kwa mtu wa Moshi mjini, nyumbani mara nyingi ni mgombani, hata kama amepanga Njoro miaka kumi. Tukabadilisha kuwa "hapa mnapoishi, kwa wanaokula chungu kimoja".

Mtego wa pili ulikuwa mdogo zaidi. Tuliandika "Wewe hununua mtindi dukani?" Kijana akisoma haraka, kwenye kelele za pikipiki, msikilizaji anasikia "hununui". Na ukiuliza kwa kukanusha, "Hamnunui dukani?", mmoja atajibu "ndiyo" akimaanisha ndiyo, hatununui, na mwingine atajibu "hapana" akimaanisha jambo lilelile. Kwenye karatasi utakuwa na ndiyo na hapana zisizoweza kuhesabiwa pamoja. Dalili yake ni majibu kupingana ndani ya dodoso moja: mtu amesema hanunui dukani, kisha swali la nne anataja bei aliyolipa dukani jana. Tangu hapo sikuruhusu swali lenye ukanushi. "Wiki iliyopita" nayo tuliifuta, maana wengine walihesabu kuanzia Jumatatu na wengine siku saba kurudi nyuma. Tukauliza siku yenyewe, kisha tukahesabu wenyewe.

Sasa nani wa kumhoji? Sokoni unampata aliyekuja sokoni, na sehemu ya waliopita Mbuyuni asubuhi ile walikuwa wameteremka kutoka vijijini, wana maziwa yao. Safari hii nilichukua kata 21 za Manispaa ya Moshi na takwimu za Sensa ya 2022. Kila kata nikaiandikia vikaratasi kulingana na ukubwa wake, kimoja kwa kila wakazi 5,000 hivi, nikachanganya kwenye sufuria na kuchota sita. Kwa njia hiyo kata kubwa ina nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa. Kila iliyochaguliwa ilipewa kaya kumi. Ningeweza kuhoji kaya 30 katika kata mbili na kuokoa nauli, lakini majirani hufanana: duka ni lilelile, muuza maziwa wa baiskeli ni yuleyule. Kaya 30 za eneo moja hukufundisha machache kuliko kaya kumi kumi za maeneo matatu.

Tulianza kwa kujitambulisha ofisi ya mtendaji wa kata, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Kutoka ofisi ya mtaa tulifuata njia iliyoonyeshwa na kalamu iliyozungushwa chini, tukiingia kila nyumba ya tano. Tulitembea siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni, Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada.

Siku ya kwanza jioni nilipopitia madodoso, nikaona karibu wote waliojibu ni wenye nyumba. Sababu ilikuwa geti. Anayefungua ni mwenye nyumba au mtu wake, naye ndiye aliyehojiwa, huku uani kuna milango sita ya wapangaji. Tukaweka kanuni: ukiingia uani, hesabu milango yenye chungu chake, andika namba kwenye vikaratasi, chota mmoja. Siku hiyo ya kwanza tuliirudia yote kutoka kwenye ile 26,000.

Kanuni hiyo ndiyo iliyonionyesha soko. Katika kaya 60, kaya 22 zilikuwa zimeingiza mtindi ndani ya siku saba, lakini 13 kati ya hizo waliupata kwa ndugu au kwa jirani mwenye ng'ombe. Walionunua dukani walikuwa tisa, na saba kati ya tisa ni wapangaji. Tungeendelea na wenye nyumba, tungeandika kwamba mtindi wa dukani hauna mnunuzi Moshi.

Tisa kati ya 60 ni asilimia 15. Kwa sampuli ndogo hivyo, ukweli wa mji mzima unaweza kuwa popote kati ya asilimia 6 na 24, pengine pana zaidi kwa kuwa kaya zilichaguliwa kwa makundi. Kupunguza upana huo kwa nusu kungehitaji kaya 240, yaani gharama karibu mara nne. Sikuhitaji. Nilikuwa nimeandika kabla ya kuanza kwamba ikiwa wanunuzi wa dukani hawafiki theluthi ya kaya, friji ya pili naiuza. Hata asilimia 24 haifiki theluthi. Nikaiuza.

Lile la wapangaji sikuliamini kwa watu saba tu. Nilizunguka maduka sita yaliyo karibu na nyumba za kupanga nikauliza paketi ngapi zilitoka jana, nikaangalia na friji zao. Manne yalikuwa yamemaliza.

Bei ambayo mtu yuko tayari kulipa sikuiuliza kabisa kwenye dodoso, kwa sababu mtu akiulizwa atakayolipa, mara nyingi hutaja isiyo ya kweli. Niliweka paketi kwa 1,000 kwenye maduka mawili na kwa 1,200 kwenye mawili mengine, na baada ya wiki moja nikabadilisha, ya 1,000 yakauza kwa 1,200 na ya 1,200 kwa 1,000, ili duka lenye wateja wengi lisinidanganye kuwa ni bei iliyouza.