Kibao cha Guangzhou: nyanya hiyo si ya kilo

Wifi yangu alikwenda Guangzhou mara ya kwanza kufuata mzigo wa nguo, akapanga chumba eneo la Xiaobei ili ajipikie mwenyewe. Siku ya pili akanitumia picha ya kibao cha bei kwenye genge la mboga, na chini yake sauti ya hasira: "Wifi, hawa wameniibia mchana kweupe! Nimenunua kilo ya nyanya, nimeipima chumbani na ile mizani ya mabegi, nusu kilo!"

Nikaikuza picha. Nyanya: 3.5元/斤. Hakuna aliyemwibia. Mimi mwenyewe safari yangu ya kwanza nilikula hasara ya namna hiyo wiki nzima kabla sijaelewa.

Alama ya 元 ni yuani, na hiyo haimsumbui mtu. Tatizo liko kwenye 斤, inayotamkwa "jin". Jin ya China bara ni gramu 500 kamili, yaani nusu kilo. Kilo inaandikwa 公斤, ile ile jin ikiwa na alama moja zaidi mbele yake. Ukiona 斤 imekaa peke yake baada ya alama ya mkwaju, /, hiyo ni bei ya nusu kilo. Wifi alinyoosha kidole kimoja, muuzaji akampimia jin moja, akalipa yuani tatu na nusu. Kila mtu alikuwa sahihi kwa kipimo cha kwao.

Sasa hesabu ya shilingi. Wifi alikuwa amebadilisha hela kwa shilingi 360 kwa yuani, kwa hiyo kichwani aliona kilo ya nyanya kwa 1,260, akafurahi. Kilo yenyewe ni yuani 7, sawa na shilingi 2,520. Nilimwambia aache kuzidisha mara mbili mbili kila anapofika gengeni: achukue kiwango chake cha kubadilishia, akizidishe kwa mbili mara moja tu, apate 720. Bei yoyote ya jin akiizidisha kwa 720 anapata shilingi kwa kilo. Kiwango kikibadilika, namba hiyo nayo ibadilike.

Kwenye picha ile ile kulikuwa na uyoga mkavu, 8元/两. Hapa ndipo mtu anapoumia kweli. 两, "liang", ni sehemu ya kumi ya jin, gramu 50 tu. Vitu vikavu na vya bei kubwa hupenda kuandikwa hivyo, maana 8 inapendeza machoni kuliko 80. Kilo ya uyoga ule ilikuwa yuani 160, shilingi 57,600! Wifi alikuwa amepanga kuupeleka nyumbani.

Lichi ziliandikwa 10元3斤. Hapo hakuna mkwaju: hela inatangulia, uzito unafuata. Yuani 10 kwa jin tatu, kilo moja na nusu. Ukitaka jin moja peke yake usitegemee akupe kwa theluthi ya kumi, bei hiyo ni ya anayechukua zote tatu. Mayai nayo yalikuwa 6元/斤, na wifi akadhani ni yuani sita kwa yai. Kule mayai hupimwa kwenye mizani. Jin moja hutoa kama mayai manane hadi kumi, kutegemea ukubwa. Yangekuwa yanauzwa moja moja, pangeandikwa 个.

Angalia pia pembe za kibao. Wapo wanaoandika namba kubwa nyekundu, halafu pembeni kwa maandishi ya sisimizi wanaweka 半斤, nusu jin, yaani robo kilo. Ndiyo maana nikamwambia wifi akipiga picha akipige kibao kizima, na rundo lililo chini yake lionekane, kwa sababu vibao vikibanana huwezi kujua kipi ni cha rundo lipi.

Mizani ya umeme nayo hugeuzwa isome kilo au jin. Ukiwa na shaka, weka juu yake chupa ya maji ya nusu lita ambayo hujaifungua. Ikisoma karibu 1, mizani iko kwenye jin. Ikisoma karibu 0.5, iko kwenye kilo, na bei ya jin haipaswi kuzidishwa kwa namba hiyo bila kuongezwa mara mbili kwanza.

Ukivuka kwenda Hong Kong, sahau yote haya. Hela ni dola ya kwao, na jin ya masoko yao ni kama gramu 605, yenye liang 16. China bara nako zilikuwa 16 hadi zilipopunguzwa kuwa kumi mwaka 1959.

Wifi alirudi kwa yule mama wa nyanya jioni ile ile. Alinyoosha vidole viwili.