Nani Amelipia Mkutano wa Kampeni? Namna Ninavyofuatilia Fedha za Wagombea Jijini Mwanza

Mwandishi anayeripoti kampeni za ubunge katika majimbo ya kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Nyamagana na Ilemela hadi Sengerema na Ukerewe, akisubiri taarifa rasmi ndipo aandike kuhusu fedha, atakuwa amechelewa. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inampa mgombea siku 60 baada ya uchaguzi kuwasilisha hesabu zake kwenye chama, na chama ndicho kinachozipeleka baadaye kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Wakati huo wananchi wamekwisha kupiga kura na mbunge amekwisha kuapa. Kwa sababu hiyo mimi hutengeneza hesabu yangu mwenyewe wakati kampeni zikiendelea, kisha hesabu rasmi ikipatikana huilinganisha na ile niliyonayo.

Kabla ya kwenda uwanjani natafuta Tangazo la Serikali ambalo Waziri hutoa kuweka kiwango cha juu cha matumizi kwa uchaguzi husika. Kiwango hicho si kimoja kwa majimbo yote, kwa kuwa sheria inataka uzingatiwe ukubwa wa jimbo, idadi ya watu na hali ya mawasiliano, na ni rahisi kuona kwa nini jimbo la visiwani lenye safari za boti lisipimwe sawa na jimbo la katikati ya jiji. Usichukue kiwango cha uchaguzi uliopita wala kile ulichosikia kwa mwandishi mwenzako. Tafuta tangazo lenyewe.

Uwanjani nahesabu vitu, maana fedha taslimu huzioni. Hapo ndipo penye siri kubwa ya kampeni za huku kwetu: sehemu kubwa ya ufadhili haipiti benki, bali huja kama malori, mafuta, muziki na fulana. Sheria haiangalii fedha taslimu peke yake. Zawadi, mkopo na kitu chochote chenye thamani ya fedha kinachotumika katika kampeni nacho ni gharama. Mfanyabiashara wa dagaa anayeazimisha Fuso yake kwa siku nzima amechangia kiasi ambacho Fuso hiyo ingekodishwa sokoni.

Tuchukue mfano wa mkutano mmoja katika kata ya ufukweni, kwa bei ninazozitumia hapa kama kielelezo tu. Umehesabu pikipiki 80 za bodaboda kwenye msafara, na madereva wenyewe wamekuambia kila mmoja amejaziwa lita 2. Hizo ni lita 160. EWURA hutangaza bei kikomo ya mafuta kila mwezi kwa kila mji, Mwanza ikiwamo, hivyo huna haja ya kubahatisha. Tukiichukua kuwa shilingi 2,900, mafuta ni shilingi 464,000. Malori 4 ya kubeba watu kwa shilingi 150,000 kila moja ni 600,000. Muziki na jenereta ni 500,000. Fulana 600 zenye picha ya mgombea, kwa shilingi 7,000 moja, ni 4,200,000. Jumla yake ni shilingi 5,764,000.

Sasa mgombea huyo anafanya mikutano 40, na hapa ndipo habari nyingi huharibika, kwa kuwa mwandishi huzidisha jumla nzima mara 40 akapata zaidi ya milioni 230 na kutoa kichwa cha habari kikubwa. Fulana hununuliwa mara moja, na watu walewale huivaa Kirumba leo na Pasiansi kesho. Kinachojirudia ni mafuta, malori na muziki, yaani shilingi 1,564,000 kwa mkutano, ambayo mara 40 ni 62,560,000. Ukiongeza fulana mara moja unapata 66,760,000. Tofauti ya hesabu hizo mbili inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya mgombea aliyevunja sheria na aliye ndani ya kiwango, na mwanasheria wake ataiona mara moja.

Kuna mtego mwingine. Mkutano wa viwanja vya Furahisha anapokuja mgombea urais si wa mgombea ubunge peke yake, hata kama picha yake imebandikwa kila nguzo. Gharama zake nyingi ni za chama kitaifa, na fulana nyingine zimetoka makao makuu. Mikutano ya namna hiyo mimi huiweka kando kabisa, na kwenye habari naeleza kwamba nimeiweka kando.

Swali la kiasi likiisha, linabaki la nani. Naanza kwa mchapaji wa fulana na mabango, kwa sababu yeye ana karatasi: profoma, hati ya kupokelea mzigo, na stakabadhi ya EFD. Stakabadhi ukionyeshwa, angalia jina la mnunuzi, kisha ingiza namba yake ya uhakiki kwenye verify.tra.go.tz uone kama ni halali. Lakini ujue mipaka yake: itakuthibitishia kwamba mauzo yalifanyika, tarehe ile, kwa kiasi kile. Haithibitishi fedha zilitoka kwa nani, na mara nyingi nafasi ya mnunuzi imeachwa wazi.

Malori nayo husema. Kibao cheupe ni gari la biashara na cha njano ni la binafsi. Namba zinazoanza na ST au SM ni za serikali kuu na serikali za mitaa, na hiyo ni habari nyingine yenye uzito wake. Mlangoni mwa lori la biashara mara nyingi pameandikwa jina la kampuni. Jina hilo nalipeleka BRELA, ambako kwa ada unapata wakurugenzi na wanahisa, kisha naliangalia kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma, kuona kama kampuni imepata zabuni za halmashauri au wakala wa serikali katika eneo hilo. Mtu binafsi akichangia zaidi ya shilingi 1,000,000, au taasisi zaidi ya 2,000,000, mgombea anatakiwa kumtaja kwa chama chake. Malori 4 kwa mikutano 40 ni shilingi milioni 24. Ikiwa yote ni ya kampuni moja na hayakukodiwa, unaye mchangiaji ambaye lazima aonekane kwenye taarifa.

Neno «ikiwa» hapo lina kazi. Huenda mgombea alikodi malori hayo kwa fedha zake, na kwa hiyo, kabla ya kuchapisha, namwandikia yeye na mwenye kampuni maswali mafupi: malori mangapi, kwa siku ngapi, yalilipiwa kiasi gani na nani, na mkataba uko wapi. Ninawapa siku za kutosha kujibu. Wakijibu kwa karatasi, hesabu yangu inabadilika. Wakikaa kimya, naandika kwamba waliulizwa na hawakujibu, na kiasi nakiita makadirio ya chini, nikieleza bei nilizotumia.

Usianze kuhesabu siku ya uzinduzi wa kampeni. Sheria inagusa pia mchakato wa uteuzi, na katika majimbo ambayo mshindi hujulikana ndani ya chama, fedha nzito hutembea wakati wa kura za maoni, wapiga kura wakiwa wajumbe wanaofahamika nyumba kwa nyumba. Hapo hakuna fulana wala malori ya kuhesabu, na kitakachokusaidia ni kumbi zilizokodiwa, posho za nauli na wajumbe walio tayari kuzungumza.

Siku 60 zikipita na chama kikishapeleka hesabu kwa Msajili, mwandikie barua rasmi kuomba taarifa ya mgombea kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mhusika siku 30 za kujibu. Taja jina la mgombea, jimbo na mwaka, kisha hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu siku hizo 30 zinahesabiwa kuanzia hapo.