Taya Linaloalika: Usikimbilie Kung'oa Gego

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, nina miaka 34. Kwa miezi mitatu sasa taya langu upande wa kulia linaalika kila ninapotafuna, na nikila nyama au mahindi ya kuchoma linauma mpaka sikioni. Sikio nimepimwa, halina tatizo. Asubuhi naamka taya limechoka. Upande wa kushoto nina gego lililotoboka, kwa hiyo tangu mwaka jana natafunia kulia tu. Kazini nashika pini kwa meno na uzi naukata kwa meno. Jirani ananiambia ning'oe gego la mwisho la kulia, eti ndilo linalosukuma taya. Nifanye nini?*
*Fundi wa Pasua*

Marahaba, mwanangu. Gego la kulia usiling'oe kwa ushauri wa jirani. Kwa maelezo yako, maumivu hayo yanaelekea kutoka kwenye kiungo cha taya na misuli inayokiendesha, na kung'oa jino zima hakutatibu kiungo. Siwezi kukupima kwa barua, lakini ninaweza kukuonyesha namna ya kujichunguza mwenyewe kabla ya kwenda kumwona daktari wa meno, ambaye utamhitaji kwa sababu nyingine nitakayoieleza.

Simama mbele ya kioo, uweke ncha ya kidole cha shahada mbele kidogo ya tundu la sikio, kisha ufungue na kufunga mdomo polepole. Hapo utahisi kichwa cha mfupa wa taya kikitembea chini ya kidole. Kati ya kichwa hicho na mfupa wa fuvu kuna kisahani chembamba cha gegedu ambacho kwa kawaida husafiri pamoja na taya. Kisahani kikisogea mbele ya mahali pake, taya linapofunguka hukipanda tena kwa kuruka, na kuruka huko ndiko unakokusikia kama mlio. Tazama pia kidevu chako: kwa watu wengi wa namna yako huenda upande wenye tatizo, halafu hurudi katikati mara tu mlio unapotoka. Mlio peke yake, bila maumivu na bila taya kukwama, wapo wengi wanaoishi nao miaka mingi bila kuhitaji tiba yoyote. Kinachotufanya tushughulike na wewe ni yale maumivu.

Sasa bonyeza shavu kwa vidole viwili, pale panapotuna unapokaza meno, kisha ubonyeze panja. Ikiwa kubonyeza huko kunaamsha maumivu yaleyale unayoyapata ukitafuna, misuli ndiyo inayolia kwa sehemu kubwa. Ingekuwa gego la kulia ndilo lenye ugonjwa, ungetarajia lishtuke kwa maji baridi au chai ya moto, liume likigongwa kwa kijiko, au likuamshe usiku kwa kupwita. Kipimo cha mwisho ni cha upana: jaribu kuingiza vidole vyako vitatu vya kati, vikiwa vimesimama wima mmoja juu ya mwingine, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikiingia bila kulazimisha, kiungo chako bado kinafunguka vizuri. Ukishapima mara moja, acha. Kuna watu hufungua kinywa mara kwa mara kutwa nzima ili wasikie kama mlio bado upo, na kwa kufanya hivyo hawakipi kiungo nafasi ya kutulia.

Nije kwenye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote. Meno ya juu na ya chini hayakuumbwa kugusana muda wote. Mtu anapotulia, midomo hufungwa lakini meno hubaki yameachana kidogo, na ulimi hulala juu kwenye kaakaa, nyuma tu ya meno ya mbele. Meno hugusana wakati wa kutafuna na kumeza, na muda huo ukijumlishwa kwa siku nzima ni mfupi sana. Fundi anayebana pini kinywani huku macho yamekaza kwenye mshono hukaza meno kwa saa nyingi bila kujua, na misuli ya taya, ambayo ina nguvu nyingi, haipati pumziko. Mlo mmoja wa nyama ngumu huwezi kuulinganisha na kazi hiyo ya kutwa. Kwa sababu hiyo, ninaamini chanzo chako kikubwa kipo mezani pa cherehani kuliko mezani pa chakula.

Anza hapo. Pini zihamie kwenye kijimto kinachofungwa kwenye kifundo cha mkono, na mkasi mdogo wa uzi uufunge kamba uuning'inize shingoni, ili usiutafute ukaishia kuutumia mdomo. Kisha chagua tendo unalolifanya mara nyingi kwa siku, kwa mfano kubadilisha bobini au kutunga uzi kwenye sindano, na kila ukilifanya jiulize: meno yangu yanagusana? Yakiwa yamegusana, pumua nje taratibu, yaachanishe, na urudishe ulimi kwenye kaakaa. Mwanzoni utajikuta umeyakaza karibu kila unapojikagua, na usishangae. Tabia ya muda mrefu haiondoki kwa siku moja. Angalia pia kimo cha kiti chako, kwa maana anayeinama sana hutokeza kidevu mbele na kuikaza misuli ya shingo na ya taya kwa pamoja. Mara nyingi mto mmoja wa kukalia unatosha kukuinua.

Kwenye chakula, lipumzishe taya kwa wiki mbili hivi, bila kujinyima. Bahati yako unaishi katika nchi ya mtori. Mtori uliopondwa vizuri, machalari yaliyoiva mpaka ndizi zinalainika, wali, samaki, mayai na mboga za majani vitakulisha vya kutosha. Nyama ipike mpaka ichambuke au itumie ikiwa imesagwa. Mahindi ya kuchoma, miwa, mifupa ya kuguguna na bigijii viweke kando kabisa, na tunda gumu au kiazi kikubwa kikatwe vipande vidogo badala ya kukiuma kwa meno ya mbele. Ukitaka kupiga miayo, bandika ulimi kwenye kaakaa na uweke ngumi chini ya kidevu, ili kinywa kisifunguke kupita kiasi.

Jioni, loweka taulo dogo katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia mkononi, likamue, ulilaze shavuni na panjani kwa dakika 15 hadi 20, ukilichovya tena likipoa. Baada ya hapo misuli ikiwa imelegea, kaa mbele ya kioo, ulimi kwenye kaakaa, ufungue mdomo polepole mpaka pale ulimi unapotaka kubanduka, kisha ufunge polepole huku kidevu kikishuka na kupanda katikati bila kupinda. Fanya mara 6 tu, urudie mara chache kwa siku. Zoezi hilo lazima liishie kabla ya mlio kutoka. Ukiusikia, umefungua mno. Maumivu yakizidi kwa siku kadhaa, dawa ya ibuprofeni inayomezwa baada ya kula husaidia, lakini isitumiwe na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito, na mwenye pumu aulize kwanza. Kwa hao parasetamoli kwa kawaida ni salama zaidi.

Uchovu wa asubuhi unaonyesha kwamba huenda unakaza au kusaga meno usingizini pia. Lala chali au kiubavu bila kuweka kiganja chini ya taya, na usilale kifudifudi. Kahawa kali iwe ya mchana. Daktari wa meno anaweza kukutengenezea kifaa cha plastiki ngumu cha kuvaa usiku juu ya meno, kilichochukuliwa vipimo vya kinywa chako. Kifaa hicho huyalinda meno yasisagike na huwapunguzia baadhi ya watu maumivu, lakini hakiwezi kufuta kazi ya pini za mchana, ndiyo maana nisingekupeleka huko kwanza.

Nilikuambia utamhitaji daktari wa meno, na sababu yake ni lile gego la kushoto. Maadamu limetoboka utaendelea kutafunia upande mmoja hata ukifuata mengine yote, na misuli ya kulia itaendelea kubeba mzigo peke yake. Nenda kliniki ya meno Mawenzi au KCMC, wakalichunguze kama linazibika au mzizi wake unahitaji matibabu. Kabla hujakaa kwenye kiti, mwambie daktari kwamba kiungo cha taya kinakusumbua, umwombe akupumzishe kila baada ya dakika chache, kwa sababu kuachama kwa muda mrefu kunaweza kuamsha maumivu upya. Akikupendekezea kusagwa kwa meno mazima ili yakutane vizuri, au upasuaji wa kiungo, mshukuru na umwombe kwanza muda wa kujaribu njia hizi nyepesi. Meno yakishasagwa hayarudi, ilhali wengi wenye tatizo kama lako hupata nafuu bila hayo. Jino la kushoto likishatengenezwa, rudisha utafunaji pande zote mbili kidogo kidogo, ukianza na vyakula laini.

Tarajia maumivu yapungue katika wiki chache. Mlio wenyewe unaweza kubaki, na ukibaki bila maumivu uuache. Lakini usisubiri ikiwa mlio utakatika ghafla na wakati huohuo kinywa kikakataa kufunguka zaidi ya kidole kimoja au viwili, kwani hapo kisahani kimekwama mbele ya taya, na kukiwahi kunasaidia. Kinywa kikigoma kufunga baada ya kupiga miayo, nenda hospitali siku hiyohiyo, wala usimruhusu mtu wa nyumbani kulisukuma taya. Uvimbe wa shavu wenye homa, ganzi ya uso, au meno kuanza kukutana tofauti na zamani navyo vinahitaji daktari upesi. Na kwa wasomaji wenye umri mkubwa kuliko huyu binti: taya linalouma mtu anapopanda mlima au kubeba mzigo, kisha likatulia akipumzika, si suala la kutafuna. Huyo akapimwe moyo bila kuchelewa.

Mwanangu, ukifika wiki ya sita huku umeyafuata haya na gego la kushoto limeshatibiwa, lakini bado huwezi kula wali bila maumivu, rudi kliniki uombe rufaa kwa daktari bingwa wa kinywa na taya. Nenda na maelezo mafupi uliyoyaandika: maumivu yanaanza saa ngapi, yanazidishwa na nini, na vidole vingapi vinaingia kinywani.