Tili na chungwa imemtia bwana harusi ukijivu: tatizo liko wapi?

"Wakuu, nimeweka LUT ya tili na chungwa, lile faili la rangi lililotengenezwa tayari, kwenye video ya harusi. Ukumbi umependeza, lakini bwana harusi amekuwa kijivu kama mgonjwa. Nikijaribu ile ya rangi zilizofifia, au ya joto kama filamu ya zamani, uso bado hauko sawa. Ni kamera au ni mimi?"

Mkuu, kamera yako haina kosa. Yalinikuta hayo hayo kwenye sendofu moja Morogoro: nilikabidhi kazi, baba wa binti akaniuliza kwa upole kwa nini yeye mwenyewe anaonekana kama ametoka hospitali. Nilirudia video nzima.

Tili ni bluu iliyoingia kijani, na kwenye duara la rangi inatazamana na chungwa. Ngozi ya binadamu, nyeusi au nyeupe, iko upande wa chungwa. Ndiyo maana mtindo huu unafanya kazi: ukisukuma mandhari kwenda tili, mtu anajitokeza mbele. Lakini rangi mbili zinazotazamana zikichanganywa, zinauana na kuzaa kijivu. Shida yako ni hiyo.

LUT haijui uso ni upi. Nyingi za mtindo huu hugawa kazi kwa mwanga tu: penye giza weka tili, penye mwanga weka chungwa. Mzungu aliyepigwa taa vizuri, uso wake uko penye mwanga, kwa hiyo anapata chungwa. Baba yule, nilipomwangalia kwenye Waveform, kile kipimo cha mwanga wa picha, uso wake ulikuwa kati ya 20 na 35 kwa mia, yaani ndani ya eneo la giza. Tili ikamwagika juu ya chungwa la ngozi yake, ngozi ikapauka. Kwa macho ilikuwa ngumu kueleza, lakini Vectorscope, kipimo cha rangi, ilionyesha wazi: alama za uso, ambazo kabla ya LUT zililala kwenye mstari wa ngozi, zilikuwa zimejikunja katikati na kuinamia kijani.

Nilichofanya kwenye DaVinci Resolve ni kutoa LUT na kutengeneza tili kwa mkono. Nilifungua magurudumu ya Log, nikashusha Low Range kutoka 0.333 hadi kama 0.15, ndipo nikasukuma Shadow kwenda tili. Sasa ikagusa weusi wa kweli tu: suti na kona za ukumbi. Mapazia yalikuwa ya bluu, nikayageuza kwa Hue vs Hue yaelekee tili, uso haukuguswa. Sehemu za mwanga niliziacha bila rangi, na kipimo changu hapo ni shela la bibi harusi. Likianza kuwa na ubluu, umezidisha. Ila ukumbi ukiwa wa mbao na vitambaa vya dhahabu kila upande, achana na mtindo huu, kwa sababu hakuna cha kugeuza. Tili nzuri huanza kwa mpambaji.

Rangi zilizofifia nazo zina mtego wake. Mwonekano ule ulitoka maabara ya filamu, walipokuwa wakiruka hatua ya kuondoa fedha kwenye mkanda. Fedha ikibaki, rangi hupungua lakini weusi huzidi kuwa mzito. Wewe ukishusha Saturation kutoka 50 hadi 30 peke yake, unapata upungufu bila ule uzito, na ngozi nyeusi inabaki kama haikupakwa mafuta. Fifisha kijani na bluu kwa Hue vs Sat, chungwa liache karibu lilivyo, kisha ongeza kontrasti kidogo.

Kuhusu joto la filamu, usivute Temp tu. Temp inapaka umanjano kila mahali, hata suti nyeusi inakuwa kahawia. Kinachopendeza kwenye filamu ni mwanga mkali unaolainika taratibu. Resolve ina LUT ya mkanda wa kuchapia, iko ndani ya Film Looks, jina lake Rec709 Kodak 2383 D60. Hiyo inataka picha ya Cineon, yaani picha ya log iliyofifia kama filamu iliyoskaniwa. Kama umerekodi S-Log3, ile log ya kamera za Sony, tanguliza Color Space Transform, Output Gamma iwe Cineon Film Log, halafu ndiyo LUT ifuate. Ukiibandika juu ya picha iliyokwisha kuwa Rec.709, yaani ya kawaida ya kutazama kwenye TV, kontrasti inajirudia mara mbili, na nyuso za watu weusi ndizo za kwanza kuzama gizani.

Toa hiyo LUT kwanza, kisha tupia hapa fremu moja ya bwana harusi pamoja na Vectorscope yake. Alama zikirudi kwenye mstari, kazi yako inaokoleka bila kurudia yote.