Kutoa saa: kwa nini mtoto anapata dakika 75

"Mwanangu yuko la tatu. Basi liliondoka saa 2:45 asubuhi likafika saa 5:20. Safari ilichukua muda gani? Anaandika saa 2 dakika 75. Hesabu za hela na mita anapata zote. Nimsaidieje?"

Mzazi mwenzangu, mwanao anapotoa dakika anakopa 100. Shilingi ina senti 100, mita ina sentimita 100, kwa hiyo huko kukopa kwake ni sahihi. Saa ina dakika 60, basi jibu lake limezidi dakika 40.

Kwanza mwache aruke kwa vituo. Kutoka 2:45 hadi saa 3 kamili ni dakika 15. Kutoka saa 3 hadi saa 5 ni saa 2. Zimebaki dakika 20. Jumla ni saa 2 na dakika 35. Akizoea, mwonyeshe kwamba 5:20 ni sawa na saa 4 dakika 80, ndipo atoe.

Mdau mmoja kasema kosa hili utaliona dakika zikizidi 60. Si kila mara. Jaribu 2:55 hadi 4:10: akikopa 100 anapata saa 1 dakika 55, na linaonekana jibu zuri kabisa, kumbe ni saa 1 dakika 15.

Na ndugu mwingine kasema basi likiondoka saa ya simu inasoma 8:45, sawa, ila muda wa safari ni uleule.

Kukopa huku kwa kugeuza saa 1 kuwa dakika 60 kuanze la tatu au kusubiri? Mimi ningesubiri, walimu wengine hawakubali.